Ndege ya usiku kwenda Dubai: nafuu iko kweli, lakini kitanda lazima ukilipie

*Papa, nauza viatu na nguo za watoto katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mwezi wa 8 nataka kwenda Dubai kwa mara ya kwanza, kuchukua mzigo wa kufungua shule. Ajansi imenipa tiketi mbili. Ya kwanza ni dola 680: natoka uwanja wa Luano Jumanne 14:20, nabadilisha ndege Addis Ababa usiku, nafika Dubai Jumatano 04:40. Ya pili ni dola 765: nalala Addis, nafika Dubai Jumatano 13:40. Kurudi ni sawa kwa zote mbili, Jumapili 03:50. Wenzangu wanasema nichukue ya usiku, naokoa pesa ya tiketi na ya hoteli, halafu naingia sokoni asubuhi ileile. Ni kweli? Hoteli niliyoiona mtaa wa Deira, Dubai, ni dola 60 kwa usiku.*

Mama, chukua ya usiku, isipokuwa kama shirika la ndege ndilo litakalolipia hoteli ya Addis. Ila wenzako wanakosea mahali pawili: faida ni ndogo kuliko wanavyoihesabu, na asubuhi ya Jumatano si ya kwenda sokoni.

Nianze na bei, maana tofauti ya dola 85 haikutoka hewani. Ndege zinazotoka miji ya kusini mwa Afrika, Lubumbashi ikiwemo, hukusanyika Addis jioni. Karibu na usiku wa manane ndege nyingi huondoka pale kwa pamoja kuelekea Ghuba na Asia. Ratiba imepangwa hivyo ili abiria wa jioni apande ya usiku bila kulala njiani, na ndege yenyewe isikae chini hadi kuche bila kuingiza kitu. Kwa hiyo safari ya usiku ndiyo njia ya kawaida, na viti vyake ni vingi. Wewe ukitaka kulala Addis na kupanda asubuhi, unaomba kitu ambacho ratiba haikupangiwa, ndiyo maana unaongezewa bei. Hiyo si sheria ya siku zote. Tarehe ambazo watu wengi wanasafiri, viti vya usiku huisha mapema na ya mchana inaweza kuwa ya bei rahisi zaidi. Angalia bei ya siku yako, usifuate mazoea.

Sasa hoteli. Wenzako wanajumlisha dola 85 za tiketi na dola 60 za usiku mmoja, wanapata 145. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Usiku wa hoteli hauhesabiwi kuanzia jua linapozama. Unaanza pale chumba kinapokabidhiwa, ambapo Dubai ni saa 14:00 au 15:00, na unaisha kesho yake saa 12:00 mchana. Ukitua 04:40, ukapita uhamiaji na kuchukua begi lako, utafika Deira kama saa 06:00 au 06:30. Saa hiyo kwa hoteli bado ni usiku wa Jumanne. Kama umelipia kuanzia Jumatano, chumba chako bado kina mtu amelala ndani, na wewe una saa nane za kungoja kwenye kiti cha mapokezi.

Fikiria ni mwezi wa 8. Hapa kwetu ni kiangazi, asubuhi unatoka na koti. Kule joto la mchana linapita nyuzi 40, na hata alfajiri hewa ni nzito na ya moto. Hakuna kukaa kibarazani ukingoja chumba. Utaishia kuzunguka kwenye maduka yenye viyoyozi, unanunua chai na chakula ili wasikufukuze kitini, na huku macho yanafumba yenyewe.

Kwa hiyo kitanda cha asubuhi ile lazima ukiweke kwenye hesabu. Ukikilipia bei kamili, yaani kuchukua chumba kuanzia Jumanne, tiketi ya usiku inakuwa 680 na 60, jumla 740. Ile ya pili ni 765, na juu yake weka hoteli ya Addis. Tuseme unapata ya dola 50 pamoja na gari la kwenda na kurudi uwanjani: inafika 815. Ya usiku bado inashinda, ila kwa dola 75, siyo 145. Lakini kama hoteli ya Addis ni bure, ya pili inabaki 765 na tofauti inakuwa dola 25 tu. Kwa dola 25 mimi ningekuambia ulale Addis, uoge, ufike Dubai mchana na chumba chako kinakungoja.

Ndiyo maana swali la kumuuliza ajansi ni moja: hoteli ya Addis analipa nani? Kwa kawaida shirika humpa abiria hoteli pale ambapo halina ndege ya kumfikisha mapema zaidi. Kwako wewe ndege ya mapema ipo, ndiyo hiyo ya usiku, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba utaambiwa umechagua mwenyewe kulala na ulipe mwenyewe. Usikubali jibu la "watakupa ukifika". Liwe limeandikwa. Uliza pia kama pasipoti yako inahitaji viza ya kutoka nje ya uwanja wa Addis, kwa sababu pasipo ruhusa hiyo hoteli ya bure haikusaidii, utalala kwenye viti vya uwanjani.

Kuna njia ya kupunguza hizo dola 60. Mwezi wa 8, kwa sababu ya joto, watalii Dubai hupungua na hoteli nyingi huwa na vyumba wazi. Andikia hoteli kabla hujalipa, uulize wanatoza kiasi gani kukupa chumba saa 06:00. Wengi huomba nusu ya bei ya usiku, na wengine hukupa bure kama chumba kipo. Wakikubali kwa dola 30, safari yako ya usiku inashuka hadi 710. Hatari yake ni kwamba mara nyingi hawakupi ahadi, wanakuambia itategemea asubuhi ile. Katika joto la mwezi wa 8 hiyo bahati nasibu inakubalika. Ungekuwa unakwenda Desemba au Januari, wakati hoteli zimejaa, ningesema lipia usiku mzima wa Jumanne usihangaike.

Ukilipia kuanzia Jumanne, kuna mtego ambao umewaumiza wengi. Hoteli inakungoja Jumanne jioni, huonekani. Ikifika usiku wa manane unaandikwa kwamba hukuja, na hoteli nyingi zikishakuandika hivyo hufuta nafasi yako yote, siyo ule usiku mmoja peke yake. Mteja wangu mmoja wa Katuba alifika mapokezi alfajiri akiwa na risiti mkononi, akaambiwa chumba kimeshatolewa. Alilipia kingine kwa bei ya siku ile, na pesa ya kwanza hakurudishiwa. Dawa yake ni ujumbe mfupi siku mbili kabla: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya ndege, na kwamba utafika Jumatano kama saa 06:00 kwa chumba ulicholipia kuanzia Jumanne. Ngoja wakujibu, na jibu ulihifadhi kwenye simu.

Tuje kwenye mwili wako, maana hapo ndipo pesa nyingi zaidi hupotea bila mtu kuziona.

Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika. Addis wako mbele yetu kwa saa 1, Dubai kwa saa 2. Ukitua Dubai 04:40, Lubumbashi ni 02:40 usiku, na mwili wako unafuata Lubumbashi. Unaamshwa katikati ya usiku, muda ule mtu anapolala usingizi mzito zaidi.

Hata huo usingizi wa ndani ya ndege ni mdogo kuliko unavyodhani. Kutoka Addis hadi Dubai ni kama saa 4. Ndege inapaa, taa zinawaka, chakula kinapita, vyombo vinakusanywa, na karibu nusu saa kabla ya kutua unaambiwa unyanyue kiti. Ukitoa hayo yote, unabaki na kama saa 2 za kufumba macho, tena umekaa wima, na jirani anataka kupita kwenda chooni. Anayekwenda Guangzhou kwa ndege ya usiku ana hali nyingine kabisa: anakaa angani saa 10 au zaidi, anaweza kupata usingizi wa maana, na anafika mchana wakati hoteli inapokea wageni. Ukisikia mtu anasifu ndege ya usiku, muulize kwanza alikuwa anakwenda wapi.

Sasa hesabu muda utakaokuwa macho. Jumanne umeamka saa 06:00 ili umalizie mzigo na kwenda Luano. Ukiingia dukani Dubai Jumatano 10:00, kwetu ni 08:00. Hizo ni saa 26 tangu uamke, na katikati umelala saa 2 tu. Watafiti walishapima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 anafanya kazi ya akili na mikono vibaya kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha 0.05% kwenye damu, na katika nchi nyingi kiwango hicho kinatosha kumzuia kuendesha gari. Wewe utakuwa umekwisha kupita hapo, na unakwenda kutoa pesa ya biashara yako yote.

Kosa la mnunuzi aliyechoka huwa dogo machoni. Viatu vya watoto vinauzwa kwa kartoni, na kila kartoni ina mchanganyiko wake wa namba umeandikwa ubavuni. Muuzaji anakuonyesha jozi moja nzuri ya namba 32, mnakubaliana bei, unalipa kartoni kumi. Ukifika soko la Kenya unafungua, unakuta nyingi ni namba 24 hadi 27, za watoto wa shule ya chekechea, wakati wateja wako wa mwezi wa 9 wanatafuta za shule ya msingi. Namba zilikuwepo kwenye kartoni, hukuzisoma. Au umehesabu dirhamu kama dola: kule dola 1 ni dirhamu 3.67, na kichwa kilichochoka hugawanya vibaya. Kartoni moja iliyokosewa namba inakula zile dola 75 zote.

Kwa hiyo Jumatano ningeipanga hivi. Addis unafika 19:15 na kuondoka 23:40, una zaidi ya saa 4. Kula hapo hapo uwanjani, chakula cha kushiba lakini si kizito, na kahawa ya Waethiopia iache hadi safari ya kurudi. Ukiomba kiti, omba cha dirishani, ili uegemeze kichwa na usiamshwe na wanaopita. Ukikaa, funga mkanda juu ya blanketi ili uonekane, wahudumu wasikuguse kuukagua, na mwambie wa karibu kwamba huhitaji chakula. Hapo ndipo zile saa 2 zinaweza kukaribia 3.

Ukitoka uwanjani Dubai, kama ni siku ya kazi, metro imeshaanza tangu saa 05:00. Laini nyekundu inapita kwenye uwanja wenyewe na kukufikisha Deira, na kwa kuwa unakwenda na begi tupu haitakusumbua. Teksi ya kutoka uwanjani inaanza na dirhamu 25 kabla haijasogea, kwa hiyo saa hiyo metro ni nafuu ya kweli. Ungekuwa unatua Jumapili ungepata shida, kwa sababu siku hiyo metro huanza saa 08:00.

Ingia chumbani, oga, funga pazia, weka simu ikuamshe saa 11:00. Usilale zaidi ya hapo hata kama mwili unakataa, kwa sababu ukilala hadi jioni, usiku utakesha na Alhamisi itaharibika pia. Kula, kunywa maji mengi, na toka kama saa 16:00 au 17:00. Hilo linakwenda vizuri na Deira yenyewe: maduka mengi ya zamani kule hufunga mchana wakati wa joto na kufunguliwa tena alasiri hadi usiku. Pita masoko ya Murshid Bazaar na Naif, uliza bei, piga picha ubavu wa kartoni zenye namba, chukua kadi za maduka. Pesa iache hotelini. Jioni hiyo ni ya kuona. Ukilala saa 22:00, kwetu ni 20:00, utakuwa na uchovu wa kutosha kusinzia haraka.

Alhamisi ndiyo siku yako ya kulipa. Usiisukume hadi Ijumaa, maana adhuhuri ya Ijumaa maduka hufungwa kwa swala, na ukichelewa asubuhi siku inakatika katikati. Jumamosi ibaki kwa kufunga mzigo na kumalizana na watu wa kago.

Hukuniuliza kuhusu kurudi, lakini hapo ndipo ndege ya usiku ina mtego wake mkubwa zaidi. Tiketi inasema Jumapili 03:50. Kuna watu hulala usingizi wa raha Jumamosi usiku, wakiamini wataondoka kesho, wakiamka ndege imeshakwenda. Saa 03:50 ya Jumapili maana yake ni kutoka hotelini Jumamosi usiku. Unatakiwa uwanjani saa 3 kabla, yaani 00:50, kwa hiyo ondoka Deira kabla ya usiku wa manane. Andika kwenye simu "Jumamosi 23:30 natoka", usiandike Jumapili popote. Saa hizo metro ya Jumamosi inafunga, na ukiwa na mabegi yaliyojaa hungepanda hata hivyo. Teksi iweke kwenye bajeti tangu sasa.

Chumba chako kinaisha Jumamosi 12:00. Kutoka hapo hadi usiku wa manane ni saa 12 bila kitanda, baada ya siku tatu za kubeba na kubishana bei, na mbele yako usiku mwingine wa ndege. Omba kubaki hadi 18:00, ambapo mara nyingi ni nusu ya bei, au lipa usiku wa Jumamosi wote kisha ulale kuanzia 18:30 hadi 23:00. Kwa safari ya kwanza mimi napendelea huo usiku mzima. Saa 4 au 5 za kitandani kabla ya ndege zinakufaa kuliko usingizi wowote utakaoutafuta ndani yake. Jambo hilo liko sawa kwa tiketi zote mbili, kwa hiyo halibadilishi chaguo lako, linabadilisha pesa unayobeba.

Pima mabegi Jumamosi mchana, ukiwa bado una duka la kurudishia kitu au mtu wa kago wa kumwachia. Kilo za ziada zikigunduliwa uwanjani saa 01:00 usiku, utalipa wanachotaka kwa sababu huna pa kwenda.

Utafika Luano Jumapili karibu na adhuhuri, na forodha inakungoja kabla ya watoto wako. Weka risiti za maduka kwenye mfuko wa mkononi, zikiwa zimepangwa, na jumla imeandikwa kwa dola juu ya karatasi moja tangu Jumamosi. Usiache kazi hiyo kwa ajili ya kule ndani ya ndege. Na umwombe mtu wa nyumbani aje na gari, akusaidie kuhesabu mabegi yanapotoka.